"Lakini wazazi walisaini!": dhana potofu kuhusu picha za watoto mtandaoni

Kazi yangu ni kukagua namna shule na vituo vya kulelea watoto wanavyotunza taarifa za watoto. Nikiuliza kuhusu picha zilizojaa kwenye ukurasa wao, jibu ni lile lile: "Mbona wazazi wote walisaini?" Nimelijibu kwa mdomo vya kutosha, sasa naliandika.

Dhana: Saini ya siku ya kuandikisha mtoto inaruhusu kila picha, popote, siku zote.

Hebu itoe hiyo fomu kabatini uisome. Mara nyingi utakuta mstari mmoja uliobanwa kati ya kanuni za ada na ruhusa ya matibabu ya dharura: "Naruhusu shule kutumia picha za mtoto wangu." Picha zipi? Zitawekwa wapi? Kwa muda gani? Mzazi alidhani ni ubao wa darasani, shule ikaelewa ni ukurasa wa Facebook ulio wazi kwa kila mtu. Na kama asiposaini mtoto hapokelewi, hiyo si ridhaa. Ni sharti la kujiunga.

Chukua mahafali ya chekechea. Mama mmoja alisaini fomu mwanzoni mwa mwaka. Katikati ya mwaka akaachana na mume mwenye vurugu, akahamia mtaa asioufahamu mume huyo, na akamwambia mwalimu wa darasa: "Tafadhali, picha za mwanangu zisiwekwe mtandaoni tena." Mwalimu akaitikia. Ila anayeendesha ukurasa wa shule ni mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia. Jioni ya mahafali picha ikapanda: mtoto yuko mbele, beji ya jina kifuani, na nyuma yake bango lenye jina la shule na mtaa ilipo. Anayemtafuta mtoto huyo hahitaji utaalamu wowote, atasubiri tu muda wa kutoka shule. Fomu ilikuwepo na saini ilikuwepo, lakini ridhaa haikuwepo tena. Mzazi anaweza kuiondoa wakati wowote, hata kwa neno la mdomo getini, na shule ndiyo yenye wajibu wa kulifikisha neno hilo panapohusika.

Dawa yake si ngumu. Tenganisha visanduku: ubao wa ndani, kikundi cha wazazi, ukurasa wa wazi, matangazo ya shule. Kisanduku kilichoachwa bila tiki kihesabiwe kuwa hapana. Fomu ijazwe upya kila mwaka, na orodha ya waliokataa iwe mkononi mwa yule anayebonyeza kitufe cha kuchapisha, isilale kwenye droo ya ofisi.

Siku ya tukio, beji zivuliwe kabla ya kamera kutoka. Kwenye picha ya kundi, watoto wasioruhusiwa wasimame ukingoni ili wakatwe bila kuiharibu picha, na kila mmoja apigwe nyingine ya kumpa mzazi wake. Tafadhali msiwafunge utepe mwekundu mkononi ili mpiga picha awajue, maana hapo mmewatangaza kwa ukumbi mzima. Wala msiwashushe jukwaani. Mzazi alikataa picha, hakukataa mtoto aimbe na wenzake.

Dhana: Ni kikundi cha WhatsApp cha wazazi tu, hakuna mgeni.

Kila simu iliyomo inaweza kuihifadhi picha, kuisambaza au kuiweka kwenye "status". Ukiifuta kikundini, nakala zilizokwisha kutoka hazifutiki.

Dhana: Nimemtia ukungu usoni, hatambuliki.

Kwa nani? Wanaomfahamu watamjua kwa nguo, kwa nywele, kwa dada yake aliyesimama kando, au kwa jina uliloliandika chini ya picha. Ni afadhali kumkata kabisa.

Dhana: Picha nimepiga mimi, kwa hiyo ni yangu.

Hakimiliki inaweza kuwa yako. Faragha ya aliyemo ndani ni ya kwake. Hili linawahusu pia wazazi wanaorekodi jukwaa zima kwa ajili ya mtoto wao mmoja: picha ya wa kwako irushe, ya wa jirani muulize kwanza mzazi wake.

Dhana: Mtoto mdogo hana la kusema.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto haki ya faragha katika kifungu cha 16, na katika kifungu cha 12 haki ya kusikilizwa, maoni yake yakipewa uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ridhaa anaitoa mzazi, lakini mtoto wa miaka mitano ukimwonyesha picha anayolia jukwaani atakwambia wazi kama anataka watu waione. Akikataa, usiiweke.

Dhana: Mzazi akilalamika tutaifuta, basi.

Mtaifuta wapi? Kwenye ukurasa, ndiyo. Ila ipo pia kwenye albamu ya tovuti, kwenye simu ya mwalimu aliyeipiga, kwa fundi aliyetengeneza bango la matangazo, na kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojinakilia yenyewe. Andikeni tangu mwanzo kila picha imepelekwa kwa nani, na simu binafsi za walimu zisitumike kabisa kupigia picha. Kamera moja ya shule, kadi moja ya kumbukumbu, mtu mmoja wa kuitunza.