Mikato na mionekano ya nje katika Revit: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukishachora mstari wa mkato, programu inajua yenyewe cha kuonyesha.

Inajua mstari umepita wapi na unatazama upande gani, basi. Itazame hadi umbali gani, hilo unaliamua wewe kwa `Far Clip Offset`, na hapa ndipo michoro mingi inapoharibika.

Chukua nyumba ya ghorofa yenye ngazi ya vipande viwili vilivyo sambamba, kila kimoja kina upana wa mita 1.2, na kati yao pana uwazi wa mita 0.1. Mkato unapita katikati ya kipande cha kwanza ukitazama cha pili. Ukiweka umbali wa mita 0.5, kipande cha pili hakitaonekana kabisa, na fundi ataletewa ngazi inayoishia hewani. Ukiacha mita 8, na nyuma ya ngazi hakuna ukuta, makabati ya jikoni yatajipanga nyuma ya vidato na mchoro hausomeki tena. Hesabu ni fupi: nusu ya kipande cha kwanza ni 0.6, ongeza uwazi 0.1, ongeza 1.2, unapata 1.9. Weka mita 2. Kwanza hakikisha `Far Clipping` haijawekwa `No clip`, maana ikiwa hivyo namba yako haifanyi kazi yoyote.

Dhana: Ukifuta kitu kwenye mkato, kimetoka kwenye mchoro huo tu.

Hapana! Mkato ni dirisha la kutazamia jengo lilelile. Ukifuta mlango unaokukera humo, umetoka pia kwenye ramani ya sakafu na kwenye jedwali la milango, na tundu lake ukutani limezibika. Anayejumlisha milango ya kuagiza atapungukiwa mmoja bila kujua kwa nini. Kama hutaki uonekane hapo, uchague kisha andika `EH`. Ukitaka kuona vilivyofichwa, andika `RH`, navyo vitajitokeza kwa rangi yake ya pekee. Kama unataka kuficha aina nzima, mathalani samani zote, tumia `VV`.

Dhana: Mwonekano wa mbele huonyesha uso wa jengo daima.

Huonyesha kuanzia ulipo mstari wake, si zaidi. Mteja akiongeza baraza mbele na alama ya mwonekano ikabaki palepale, mstari huo sasa unapita ndani ya baraza. Utalijua kosa hili haraka: nguzo za mbele zimepotea, na slabu na paa la baraza vimechorwa kwa mistari minene ya kitu kilichokatwa. Nenda kwenye ramani ya sakafu, bonyeza pembetatu ya alama (si duara lake), mstari utajitokeza. Uvute hadi nje ya baraza, na nguzo zitarudi.