Uthabiti si ukosefu wa mayumbo

Mara nyingi mtu huangalia mchoro wa mwitikio wa hatua, akaona mkondo umepita lengo, ukarudi chini, ukapanda tena, naye akaandika kwamba mfumo hauna uthabiti. Mwingine hutazama mlinganyo, akaona vizidishi vyote ni chanya, akasema mfumo ni thabiti. Wote wawili wanaweza kukosea, hata kwenye mfumo uleule.

Maana yenyewe ni fupi. Mfumo wa mstari ni thabiti iwapo mizizi yote ya asili ya fomula yake ya uhamisho, yaani ncha zake, ina sehemu halisi hasi. Ncha ya namna hiyo huleta mchango unaofifia kadiri muda unavyokwenda. Maana hiyo haisemi lolote kuhusu kuyumba: mchango unaweza kuyumba huku ukififia.

Tuchukue mfano mmoja wenye mrejesho wa moja kwa moja, ambapo K ni geini:

```
G(s) = K / [s(s+1)(s+5)]
```

Jambo la kwanza ni kuandika 1 + G(s) = 0. Hapa ndipo wengi hupotea: hupima asili ya G peke yake, ambayo ni kitanzi kilicho wazi, kisha wakashangaa K haionekani popote. Mlinganyo wa kitanzi kilichofungwa ni s³ + 6s² + 5s + K = 0, na jedwali la Routh ni hili:

```
s³ | 1         5
s² | 6         K
s¹ | (30-K)/6
s⁰ | K
```

Safu wima ya kwanza isibadilishe alama, kwa hiyo 0 < K < 30. Ukiweka K = 40, vizidishi 1, 6, 5 na 40 vyote ni chanya, lakini mstari wa s¹ unatoa −10/6. Alama zinabadilika mara mbili, basi ncha mbili ziko upande wa kulia. Zipo karibu na 0.11 ± j2.5, na ukubwa wa mayumbo huongezeka maradufu kila baada ya sekunde 6 hivi.

Kanuni ya vizidishi chanya ni sharti la lazima, lakini halitoshi. Inatosha kwa mlinganyo wa daraja la kwanza na la pili tu, na nadhani ndiyo sababu imezoeleka: mifano ya kwanza ya darasani ni ya daraja la pili. Ugumu huu ni wa zamani. Maxwell, katika makala yake ya mwaka 1868 kuhusu vidhibiti mwendo vya mashine, alipata masharti ya daraja la tatu, lakini hakupata kanuni ya jumla. Routh aliitoa mwaka 1877. Hurwitz aliifikia kwa njia yake mwaka 1895, baada ya kuulizwa na Stodola, mhandisi wa tabini. Kama kutazama alama za vizidishi kungetosha, kazi hiyo yote isingehitajika.

Sasa weka K = 6. Jedwali linakubali, kwa kuwa 6 ni ndogo kuliko 30. Ncha ni −5.27 na −0.37 ± j1.0. Ile ya kwanza iko mbali kushoto mara 14 hivi, kwa hiyo hufifia mapema, na zile mbili ndizo zinazotawala mwitikio. Kwa hizo:

```
ωn = √1.139 ≈ 1.07 rad/s
ζ  = 0.367/1.07 ≈ 0.34
kupita lengo = e^(-πζ/√(1-ζ²)) ≈ 32%
muda wa kutulia (2%) ≈ 4/(ζωn) ≈ 11 s
```

Mkondo unapita lengo kwa karibu theluthi moja, unayumba, kisha unatulia palepale panapotakiwa. Mfumo ni thabiti kabisa, ijapokuwa kwa kazi nyingi haufai. Kwa K = 30 mambo ni tofauti: mayumbo hayafifii wala hayakui, yanaendelea kwa √5 rad/s, yaani duru moja kwa sekunde 2.8. Mfumo uko ukingoni.

Jedwali la kawaida halikuambii ncha ziko umbali gani kutoka ukingoni. Ukitaka kujua hilo bila kutafuta mizizi, badili s kuwa p − 0.3 kisha upange upya. Kwa K = 6 utapata p³ + 5.1p² + 1.67p + 5.01. Kwa kuwa 5.1 × 1.67 ni 8.5, ambayo inazidi 5.01, ncha zote ziko kushoto kwa −0.3.

Basi kwa mchoro wa K = 6, andika kwamba mfumo ni thabiti, unapita lengo kwa 32%, na unahitaji geini ndogo zaidi au kifidiaji. Neno “si thabiti” libaki kwa ule wa K = 40.