Kupata Dhamira Ndani ya Nakala za Mahojiano, na Kuchagua Nukuu Zinazoziwakilisha

Ripoti nyingi za utafiti zinazoletwa kwetu kwa mapitio zina sura ya matokeo yenye vichwa kama "Mtazamo wa jamii", "Changamoto za usafiri" na "Nafasi ya mwenza". Ukiuchukua mwongozo wa maswali uliotumika uwanjani, mara nyingi utavikuta vichwa hivyo hivyo, tena kwa mpangilio ule ule. Hiyo ni dalili kwamba mchambuzi ameyapanga majibu chini ya maswali yake mwenyewe na akaishia hapo. Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya mwaka 2006 imekuwa rejea ya watafiti wengi wa mahojiano, wamelirudia onyo hili mara kwa mara: muhtasari wa yote yaliyosemwa kuhusu jambo fulani bado si dhamira. Dhamira ni maana moja inayojirudia kwa wasimulizi mbalimbali, na inaweza kuandikwa kama kauli kamili ambayo msomaji anaweza kuikubali au kuipinga.

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya kufundishia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito ahudhurie kliniki walau mara 8, na hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mtafiti amewahoji akina mama 18 katika kata moja ya vijijini nchini Tanzania, akitaka kujua kwa nini wengi wao huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Mahojiano yote yamenakiliwa neno kwa neno, na kila mama amepewa namba badala ya jina.

Kazi huanza kwa kusoma nakala nzima bila kuandika chochote pembeni, na ikiwezekana huku sauti ikisikilizwa, kwa sababu kicheko au kimya kirefu hakionekani vizuri kwenye karatasi. Katika usomaji wa pili, kila kipande chenye jambo linalohusiana na swali la utafiti hupewa lebo fupi. Lebo nzuri hubeba tendo au maana. Kipande ambacho Mama wa 4 anasema, "Nesi aliniambia nikamlete baba mtoto, nikarudi nyumbani, nikakaa mwezi mzima," kikipewa lebo ya "mwenza" kitapotea kati ya vipande vingine hamsini vinavyomtaja mwanamume kwa namna yoyote ile. Kikipewa lebo ya "alirudishwa kwa kukosa mwenza", habari yake inabaki hai. Vivyo hivyo tunapata "barua ya mtendaji badala ya mume", "kusubiri mimba ionekane", "hofu ya kijicho cha majirani", "mama mkwe ndiye aliyeamua siku" na "nauli ya bodaboda".

Baada ya hapo lebo hukusanywa katika makundi, na hapa ndipo subira inapohitajika. Kundi la kwanza linalokuja kichwani huwa la kawaida mno: kijicho huwekwa chini ya "imani za jadi", barua ya mtendaji huwekwa chini ya "vikwazo vya huduma", na mambo hayo mawili hayakutani tena hadi mwisho wa ripoti. Mchambuzi anayeuliza vipande hivyo vina undugu gani ataona jambo jingine. Anayeficha mimba kwa hofu ya kijicho, anayesubiri mama mkwe aseme sasa nenda, na anayekwenda kuomba barua kwa mtendaji kwa sababu hana mwenza wa kufuatana naye, wote wanazungumzia gharama ya mimba kujulikana hadharani. Hapo inaweza kuandikwa kauli hii: kwa akina mama hawa, hudhurio la kwanza ni tangazo la mimba mbele ya watu, na huahirishwa mpaka mimba iwe imepata wa kuikiri. Nauli ya bodaboda haimo katika kauli hiyo, na isilazimishwe kuingia.

Kauli ikishaandikwa, irudishwe kwenye nakala zote 18 ipimwe. Chombo rahisi kwa kazi hii ni jedwali la aina ambayo Jane Ritchie na Liz Spencer waliieneza kutoka Uingereza tangu miaka ya 1980: kila mshiriki ana mstari wake, kila dhamira ina safu yake, na katika kisanduku huandikwa muhtasari wa alichosema pamoja na namba ya ukurasa. Programu ya Excel inatosha kabisa. Faida yake huonekana mara moja, kwa sababu visanduku vitupu vinaonyesha ni nani hakuzungumzia jambo hilo, na safu iliyojazwa na washiriki watatu tu walio wasemaji sana hujitangaza yenyewe.

Vilevile jedwali humfichua anayekwenda kinyume. Katika mfano wetu, Mama wa 13 hakuwa na mwenza, lakini aliomba barua mwenyewe na kuanza kliniki mapema. Alikuwa amepoteza mimba mbili kabla. Asitupwe kama asiyeeleweka. Simulizi yake inaipa kauli yetu mpaka: gharama ya kujulikana ipo, ila hofu ya kupoteza mtoto inaweza kuizidi nguvu. Dhamira iliyopimwa namna hii hurekebishwa, na wakati mwingine huvunjwa.

Kuhusu nukuu, kosa lililozoeleka ni kuchagua maneno matamu kuliko yote. Mama wa 7 alisema, "Mimba changa ni kama yai mkononi, ukimwonyesha kila mtu litaanguka." Maneno hayo yanavutia, lakini yeye peke yake ndiye aliyesema hivyo, na tayari amenukuliwa mara mbili katika sura hiyo. Mama wa 11 alisema kwa kawaida tu, "Nilingoja tumbo lionekane, maana ningeenda mapema wangeuliza ni ya nani." Nukuu hii inabeba kiini cha yale waliyosema wengine kadhaa, na ndiyo iwekwe. Nukuu kali inaweza kufuata, msomaji akielezwa wazi kwamba ni sauti ya pekee.

Kabla ya kuinakili nukuu, soma swali lililoitangulia. Ikiwa mhoji aliuliza, "Kwa hiyo uliogopa majirani?" na mama akajibu, "Ndiyo, niliogopa," basi hofu hiyo ililetwa na mhoji, na jibu hilo ni ushahidi dhaifu hata kama linaonekana safi kwenye ukurasa. Maneno yaliyokatwa katikati yaonyeshwe kwa vitone vitatu, na ripoti ikiandikwa kwa Kiingereza, maneno ya Kiswahili yabaki sambamba na tafsiri ili anayeyajua aweze kuikagua.

Hesabu nazo zina mipaka. Katika mazungumzo yanayofuata mkondo wa msimulizi, si kila mama aliulizwa kuhusu kijicho, kwa hiyo kuandika kwamba asilimia 61 walikiogopa ni kutoa picha ya uhakika usiokuwepo. Inatosha kuandika kwamba jambo hilo lilijitokeza kwa zaidi ya nusu ya waliohojiwa, na kutaja ni katika kundi gani halikujitokeza, kwa mfano kwa akina mama wa uzazi wa tatu na kuendelea.

Mwisho ni suala la siri. Katika kata ndogo, maelezo kama "mwalimu, miaka 29, mjane" chini ya nukuu yanamtaja mtu kwa jina bila jina. Namba ya mshiriki pamoja na idadi ya uzazi vinatosha kwa kawaida, na endapo hata hivyo maneno yenyewe yanamtambulisha msemaji, itafutwe nukuu nyingine chini ya dhamira ile ile.