Faida kamili na faida linganishi: Ureno na Uingereza

“Nchi inayozalisha kila kitu kwa nafuu kuliko mwenzake, inunue nini kwake?”

Inunue kile ambacho kukizalisha yenyewe kunaigharimu zaidi kwa kuiachisha bidhaa nyingine. Mfano wa mwanauchumi David Ricardo wa mwaka 1817 unaonyesha hivyo. Fungu moja la kitambaa lilihitaji wafanyakazi 90 Ureno na 100 Uingereza. Fungu la mvinyo, 80 Ureno na 120 Uingereza. Ureno ina faida kamili, yaani inatumia wafanyakazi wachache zaidi, katika bidhaa zote mbili, na hapo ndipo wengi hufunga hesabu mapema.

Endelea. Wafanyakazi 90 wa kitambaa wangeipatia Ureno mafungu 1.125 ya mvinyo (90 ÷ 80). Uingereza, kitambaa hichohicho kinagharimu mvinyo 0.83 tu (100 ÷ 120). Faida linganishi ni ya anayeacha kidogo zaidi cha bidhaa nyingine, hivyo ya kitambaa ni ya Uingereza. Ya mvinyo ni ya Ureno.

Sasa wabadilishane fungu kwa fungu. Ureno inatengeneza mvinyo mafungu mawili kwa watu 160 badala ya 170. Uingereza kitambaa mafungu mawili kwa 200 badala ya 220. Kila moja bado inapata fungu la kila bidhaa. Bei ya kitambaa ikitoka nje ya mvinyo 0.83 hadi 1.125, upande mmoja utaumia na kujitoa.

Kosa la mtihani: swali likitoa mazao kwa kila mfanyakazi, badala ya wafanyakazi kwa kila fungu, hesabu ya kugawanya hugeuka: mvinyo juu, kitambaa chini.