Sauti inayoachana na picha haisogezwi

Wiki hii nimeletewa tena video ya harusi, na mwenyewe hata hajakaa akaniambia, "Kaka, isogeze tu sauti, imechelewa." Hapana! Kila mwezi nasikia neno hilo, na kila mara mtu ameshapoteza siku nzima akisogeza.

Sauti iliyochelewa huchelewa kwa kipimo kilekile mwanzo hadi mwisho. Hiyo isogeze. Ya huyu ilikuwa inaachana na picha. Mwanzoni MC akipiga kofi, mlio na viganja vinakutana. Dakika ya 40 shangazi wa bibi harusi ameshakaa kitini, sauti yake bado inatoa nasaha. Ukisogeza ukaponya mwisho, umeharibu mwanzo.

Chanzo ni simu. Ukumbini taa zikififia, kamera huchukua muda mrefu zaidi kwa kila fremu, kwa hiyo fremu za sekunde hiyo hupungua. Faili la simu huandika muda wa kila fremu, lakini programu aliyotumia kubadili faili iliupuuza, ikazipanga zote 30 kwa sekunde. Dakika 40 zilikuwa na fremu 71,760, wastani wa 29.9. Ukizicheza kwa 30 zinaisha kwa sekunde 2,392, wakati sauti ina sekunde 2,400. Zile nane ndizo za shangazi.

Hapo wajuzi husema, basi ibane sauti ienee kwenye 2,392. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana ncha zote mbili zitakutana na utadhani umemaliza. Nenda katikati. Taa zilizimwa maharusi wakiingia, kwa hiyo kufikia dakika ya 20 pengo lilikuwa tayari sekunde saba. Kubana kwa usawa kungeondoa nne tu. Kubana kunafaa pengo likikua sawasawa, kama video ya 29.97 iliyosomwa kama 30, ambayo hupoteza sekunde 3.6 kwa saa. Kwa hiyo pima sehemu tatu, siyo mbili.

Dawa ni kurudi kwenye faili la asili la simu, kwa sababu kwenye lililobadilishwa ile mihuri ya muda imeshapotea. Lifungue kwa MediaInfo; ukiona `Frame rate mode: Variable`, lisawazishe kabla ya kuhariri:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le harusi_30.mov
```

Hapa muda unaheshimiwa, na palipopungua fremu, iliyotangulia inarudiwa. Gharama yake ipo: kwenye giza mwendo hukwamakwama kidogo, na maharusi wakiingia kwa kucheza utauona. Nimejaribu kuulainisha kwa kutengeneza fremu za katikati, mikono ikayeyuka kama nta. Nikaacha zirudiwe, na bado sijaridhika.

Mteja alikuwa ameshalifuta faili la asili. Tulilipata kwenye simu ya mdogo wake.