Kichocheo hakisogezi msawazo

Swali huja kwa sura ileile: mmenyuko umefikia msawazo, kisha kikaongezwa kichocheo, eleza kinachotokea kwa kiasi cha mazao. Majibu nayo hufanana: kichocheo huharakisha mmenyuko wa kwenda mbele, kwa hiyo msawazo husogea kulia na mazao huongezeka. Msahihishaji hukata jibu, na mwanafunzi hulalamika kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyefundisha kuwa kichocheo huharakisha mmenyuko. Ni kweli alifundisha hivyo, lakini hakusema kwamba huharakisha safari ya kwenda peke yake. Hayo yameongezwa na mwanafunzi, na ndiyo yanayomkosesha alama.

Msawazo ni hali ambayo kasi ya kwenda na kasi ya kurudi zimelingana, hivyo viasi havibadiliki tena ingawa molekuli zinaendelea kubadilishana pande. Kichocheo ni dutu inayoongeza kasi ya mmenyuko bila yenyewe kuisha. Ufafanuzi huu karibu kila mtu anaujua kwa moyo. Kinachohitaji nafasi ni kuona kwa nini hayo mawili hayagusani pale watu wanapodhani yanagusana.

Tuchukue chombo kilichofungwa chenye moli 1 ya haidrojeni na moli 1 ya mvuke wa iodini, katika joto la nyuzi zipatazo 450 za sentigredi. Mmenyuko ni huu:

H₂ + I₂ ⇌ 2HI

Katika joto hilo thamani ya msawazo, K, yaani kiasi cha haidrojeni iodaidi kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha kikagawanywa kwa haidrojeni mara iodini, ni takriban 50. Tutumie 49 ili kipeuo chake cha pili kiwe namba kamili. Ikiwa x ni moli za haidrojeni zilizotumika, basi haidrojeni na iodini zimebaki 1 − x kila moja, na haidrojeni iodaidi imefikia 2x. Ujazo wa chombo hujifuta wenyewe kwa kuwa idadi ya moli za gesi ni sawa pande zote mbili, na tunabaki na (2x)² / (1 − x)² = 49, yaani 2x / (1 − x) = 7. Hapo x ni 7/9, na haidrojeni iodaidi ni takriban moli 1.56. Tazama hesabu hiyo upya na utafute mahali pa kuingiza kichocheo. Hapapo. Joto limo, kwa sababu ndilo linaloamua K. Viasi vya mwanzo vimo. Kichocheo hakina pa kukaa.

Sasa tuweke platini ndani ya chombo. Juu ya uso wake molekuli za haidrojeni na za iodini hugawanyika kwa urahisi zaidi na kuungana upya kuwa haidrojeni iodaidi. Lakini uso uleule unaoruhusu hatua hizo huruhusu pia hatua zilezile kwa mpangilio wa kinyume, na haidrojeni iodaidi huvunjika juu yake kwa wepesi huohuo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kizingiti cha nishati bila kichocheo ni kilojuli 170 kwa moli wakati wa kwenda na 180 wakati wa kurudi. Kilele kinachopimwa pande zote mbili ni kimoja. Kichocheo kikifungua njia yenye kilele kilicho chini kwa kilojuli 100, kwenda kutahitaji 70 na kurudi 80. Tofauti imebaki 10, kama ilivyokuwa. Ni sawa na barabara mpya inayopita chini ya kilele cha mlima ulio kati ya mabonde mawili: wasafiri wa pande zote hupita haraka zaidi, lakini hakuna bonde lililoinuliwa wala kushushwa. Ikiwa kasi ya kwenda imezidishwa mara 1,000, kasi ya kurudi nayo imezidishwa mara 1,000, na uwiano wao haubadiliki, kwa hiyo K inabaki 49.

Anayeona kwamba maelezo haya ni ya kukariri tu, na kwamba huenda kuna kichocheo fulani chenye upendeleo, afikirie matokeo yake. Mmenyuko huu hutoa joto kidogo unapokwenda kulia. Kama platini ingesogeza msawazo kulia, tungeitumbukiza na kupata joto, kisha tungeitoa na kuacha mchanganyiko urudi ulikotoka kwa kufyonza joto kutoka kwenye mazingira, halafu tungeitumbukiza tena. Tungekuwa tunahamisha joto mahali na kuliendeshea mashine bila kulipia chochote, milele. Mashine ya namna hiyo haiwezekani, na kwa hiyo kichocheo cha namna hiyo hakiwezekani.

Kwa nini basi kosa hili lina mizizi? Nadhani linatokana na muda. Tuseme tumesimamisha majaribio mawili kabla ya lile lisilo na platini kufika kwenye msawazo: kwenye chombo cha kwanza tumekuta moli 0.30 za haidrojeni iodaidi, na kwenye chombo chenye platini tumekuta 1.56. Mtu atasema mazao yameongezeka, na macho yake hayamdanganyi. Ila chombo cha kwanza bado kilikuwa njiani. Kikiachwa kitafika 1.56 hiyohiyo. Kosa huonekana wazi zaidi kwenye grafu: mwanafunzi huchora mstari wa kichocheo ukipanda haraka, ambayo ni sahihi, kisha huulaza juu zaidi ya ule mwingine, ambayo si sahihi. Mistari yote miwili lazima ilale kwenye kimo kimoja. Mmoja hutangulia tu kulala.

Utengenezaji wa amonia huongeza utata, kwa sababu vitabu husema chuma, ambacho ndicho kichocheo chake, ni muhimu katika kupata amonia ya kutosha. Ni muhimu kweli, lakini kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kwa shinikizo la angahewa 200, mchanganyiko wa nitrojeni na haidrojeni ulio kwenye msawazo una amonia zaidi kidogo ya theluthi moja katika nyuzi 400, na chini ya moja ya tano katika nyuzi 500. Chuma huwezesha kiwanda kufanya kazi katika joto la chini kiasi bila kusubiri mno. Kilichosogeza msawazo ni joto. Chuma kimefanya joto hilo lifae.

Wapo pia wanaotaja asidi ya salfuriki kali katika utengenezaji wa esta, ambako mazao kwenye msawazo huongezeka kwelikweli. Hapo asidi ina kazi mbili. Inapochochea haisogezi kitu. Inapofyonza maji, ambayo ni mojawapo ya mazao, inasogeza, na wakati huo haifanyi kazi ya kichocheo.

Jibu lililokatwa halihitaji kuandikwa upya lote. Badala ya "mmenyuko wa kwenda mbele" iandikwe kwamba kasi za kwenda na kurudi huongezeka kwa uwiano uleule, na badala ya "msawazo husogea kulia" iandikwe kwamba msawazo hufikiwa mapema zaidi, au, kama ulikwisha kufikiwa, kwamba hakuna badiliko lolote la viasi. Na kama swali limeuliza mazao kwa kila saa, hapo ndipo "yanaongezeka" huwa jibu sahihi, kwa hiyo swali lisomwe hadi mwisho.