Glosi hazitafsiriwi kama maelezo: makala ya isimu kwenda Kiindonesia

Tuseme umepewa makala ya isimu iliyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu vitenzi vya Kiswahili, na wasomaji wake wapya ni wanafunzi wa Jakarta. Maelezo yanaenda vizuri, kisha unafika kwenye mifano. Kila mmoja una mistari mitatu: sentensi iliyokatwa kwa vistari, glosi chini yake, yaani maana au alama ya sarufi ya kila mofimu, na tafsiri ya kawaida. Makosa huanzia hapo, mengi yakitokana na dhana nne.

Dhana: Mistari yote mitatu ni Kiindonesia mtupu.

Mstari wa kwanza ndio ushahidi wa mwandishi, na haubadiliki hata herufi moja. Katika mstari wa pili kinachobadilika ni maana za maneno tu. Alama za sarufi kama PST ya wakati uliopita na FV ya irabu ya mwisho hubaki zilivyo, na maelezo yake huwekwa kwa Kiindonesia katika orodha ya vifupisho, kwa mfano PST ni *kala lampau*. Ukianza kuunda vifupisho vyako, msomaji hataweza kulinganisha makala hiyo na nyingine. Ni mstari wa tatu pekee unaotafsiriwa wote.

Dhana: Glosi nzuri ni ile inayosomeka kama Kiindonesia fasaha.

Hili ndilo kosa linaloharibu mifano mingi kuliko mengine, kwa sababu linafanana na kazi nzuri. Kanuni za Leipzig za uandishi wa glosi zinadai idadi ya vistari katika neno la juu ilingane na ya glosi yake. Kiindonesia nacho hutumia kistari kwa jambo lingine kabisa: uradidi. Watoto ni *anak-anak*, na kipepeo, hata awe mmoja, ni *kupu-kupu*. Ukiandika CL2-anak-anak chini ya *wa-toto*, CL2 ikiwa alama ya ngeli ya pili, juu kuna kistari kimoja na chini viwili, na mwanafunzi ataanza kutafuta mofimu ya tatu isiyokuwepo. Mfano wenyewe unapaswa kuwa hivi:

```
(1) Wa-toto   wa-li-on-a        ki-pepeo.
    CL2-anak  SM2-PST-lihat-FV  CL7-kupu.kupu
    'Anak-anak melihat seekor kupu-kupu.'
```

SM2 ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya pili. Wingi umeshabebwa na CL2, kwa hiyo *anak* moja inatosha. *Kupu.kupu* imeunganishwa kwa nukta, alama ya maneno mengi yanayofasiri mofimu moja. Usiweke wimbi (~), kwani katika kanuni hizo lingemaanisha kwamba neno la Kiswahili lenyewe limeradidiwa. Mzazi naye awe *orang.tua*; ukiacha nafasi katikati, safu yote inayofuata inasogea. Chini ya *on* andika mzizi *lihat*, si *melihat*, maana kiambishi *me-* ni cha sarufi ya Kiindonesia na hakina mwenzake katika *on*.

Katika mstari wa tatu, Kiindonesia kirudi na mavazi yake yote: vistari vya uradidi, *melihat*, hata *seekor* ya kuonyesha kwamba kipepeo ni mmoja. Ukimaliza, hesabu vistari vya kila neno, juu na chini. Ni kazi ya dakika chache, na hufichua karibu kila kosa la aina hii.

Dhana: Mstari wa tatu unatafsiriwa kutoka Kiingereza.

Uutafsiri ukiiangalia sentensi ya Kiswahili pamoja na glosi zake. Mara nyingine kazi hurahisika: mahali ambapo Kiingereza kililazimika kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, Kiindonesia kina *dia*, isiyobagua jinsia, sawasawa na kiambishi *a-*. Mara nyingine hugeuka mtego. *Tulisoma* haisemi kama msikilizaji yumo, lakini Kiindonesia kina *kita* akiwemo na *kami* asipokuwemo. Kama muktadha hauamui, andika *kami/kita*, na alama ya 1PL, yaani nafsi ya kwanza wingi, usiiguse.

Njeo ni ngumu zaidi. Kitenzi cha Kiindonesia hakinyambuliki kwa njeo, hivyo mfasiri huona ni salama kuweka *sudah* popote penye wakati uliopita. Sasa chukua makala inayolinganisha *alifika* na *amefika*. Zote zikiwa *dia sudah tiba*, tofauti iliyofanya mifano iwekwe pamoja imefutika. *Sudah* iende kwa *amefika*. *Alifika* iwe *dia tiba (lampau)*. Usiongeze *kemarin* ili kuleta hisia ya wakati uliopita, kwa kuwa sentensi haina *jana*.

Dhana: Sentensi mbovu irekebishwe.

Kinyota mbele ya *\*Watoto analia* kinasema mwandishi ameivunja makusudi. Iache ilivyo, na chini andika *Maksud: 'Anak-anak menangis.'* Namba za mifano nazo zisiguswe, kwa sababu maelezo yanazirejelea kurasa kadhaa mbele.